Shajara ya mradi: kurekebisha ukurasa wa miche ya parachichi ili uonekane kwenye Google

Agosti, juma la kwanza. Hali tuliyoikuta

Tovuti ninayoishughulikia ni ya kitalu kidogo cha miche ya matunda mkoani Njombe, na mwenye kitalu, mama mmoja aliyeifanya kazi hii tangu parachichi za Hass hazijawa biashara kubwa katika Nyanda za Juu Kusini, amenipa jukumu lililo wazi: mtu akiandika kwenye simu yake kwamba anatafuta miche ya parachichi, akikute kitalu hiki. Tovuti imejengwa kwa WordPress na ina kurasa sita. Kwa sasa inaonekana kwenye Google pale tu mtu anapoandika jina la kitalu lenyewe, maana yake inampata mteja ambaye tayari anaijua. Mteja anayetafuta miche bila kujua pa kuipata haletwi hapa.

Kabla ya kugusa maneno yoyote nilihakikisha kwamba Google inazijua kurasa zenyewe, kwa sababu ukurasa usiokuwemo kwenye orodha yake hauwezi kusaidiwa na maandishi mazuri kiasi gani. Njia ya haraka ni kuandika kwenye kisanduku cha utafutaji neno `site:` likifuatwa na anwani ya tovuti bila kuacha nafasi, kisha kutazama kurasa zinazoorodheshwa. Njia hiyo hutoa picha ya jumla tu. Jibu la uhakika kwa ukurasa mmoja mmoja hupatikana katika Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti, ambayo humtaka mtu athibitishe kwanza kwamba tovuti ni yake. Nilitazama pia mpangilio wa WordPress uitwao `Discourage search engines from indexing this site`, ulioko chini ya `Settings` na kisha `Reading`, kwa kuwa mafundi huuwasha wakati wa ujenzi na wengine husahau kuuzima. Kwetu ulikuwa umezimwa, na kurasa zote sita zimo. Kwa hiyo tatizo liko kwenye maandishi.

Nimekubaliana na mama kwamba tutaanza na ukurasa mmoja tu, wa miche ya parachichi aina ya Hass, kwa kuwa ndiyo bidhaa inayouzwa zaidi. Ukurasa wa makadamia hautaguswa kwa sasa, na sababu nitaieleza tutakapofika kwenye kupima matokeo.

Agosti, juma la pili. Maneno ya wateja

Kazi ya juma hili imekuwa ya kusoma ujumbe wa WhatsApp. Mama aliniruhusu kupitia maswali ambayo wateja wapya humtumia, nami niliandika kando maneno yao kama yalivyo, bila majina wala namba zao. Sikuanza na zana za kukisia maneno yanayotafutwa, kwa sababu zana hizo hutegemea wingi wa utafutaji, na kwa biashara ndogo inayotafutwa kwa Kiswahili mara nyingi hazioneshi chochote cha maana, ilhali mteja aliyekwisha kuuliza ameshatuonesha maneno yake.

Maswali yanajirudia kwa namna ya kushangaza. Karibu kila mtu huanza na salamu, kisha huuliza bei ya mche mmoja. Baada ya hapo huuliza kama miche imebebeshwa, yaani kikonyo cha aina inayotakiwa kimeunganishwa kwenye shina la mche mwingine, heka moja inaingia miche mingapi, huanza kuzaa baada ya muda gani, na kama inaweza kutumwa kwa basi hadi alipo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za «suluhisho za kilimo biashara», maneno ambayo ndiyo yaliyotawala ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Hakuna pia aliyetumia maneno «vipando bora vya kibiashara», ambayo yalikuwa yameandikwa mara kadhaa kwenye ukurasa wa bidhaa.

Hapo ndipo ulipopatikana mpango mzima wa mradi huu. Ukurasa utajibu maswali matano hayo, kwa mpangilio ambao wateja wenyewe huyauliza, na jina la ukurasa, vichwa vyake vya habari na aya zake vitasema jambo moja hilohilo kwa maneno ambayo mteja angeyaandika.

Agosti, juma la tatu. Jina la ukurasa

Katika shajara hii nitaita «jina la ukurasa» yale maneno yanayowekwa ndani ya lebo ya `<title>`. Hayaonekani katikati ya ukurasa wenyewe. Huonekana juu kabisa kwenye kichupo cha kivinjari, na mara nyingi ndiyo yanayokuwa mstari mkubwa unaobofywa kwenye matokeo ya Google. Mwenye tovuti anaweza kukaa miaka mingi bila kuyatazama, kwa sababu yeye huufungua ukurasa na kuona picha na rangi, huku mtu anayetafuta akioneshwa mstari huo kabla ya kitu kingine chochote.

Jina tulilolikuta lilikuwa hili:

```html
<title>Bidhaa | Karibu Kitalu Chetu</title>
```

Mtu anayesoma mstari huo katikati ya matokeo mengine kumi hawezi kujua kama kinachouzwa ni miche ya parachichi, maua au miti ya mbao. Kurasa nyingine mbili zilikuwa na jina hilohilo, jambo ambalo huinyima Google namna ya kuzitofautisha kwa haraka. Nimeliandika upya hivi:

```html
<title>Miche ya parachichi aina ya Hass, Njombe – bei na oda</title>
```

Mpangilio wa maneno una sababu. Bidhaa imetangulia kwa sababu skrini ya simu ni nyembamba na jina refu hukatwa mwishoni. Aina imefuata kwa kuwa mkulima anayetaka Hass hataki Fuerte, na mahali pamewekwa kwa kuwa umbali ndio unaoamua gharama ya usafiri. Maneno «bei na oda» yamo kwa sababu ukurasa unatoa vyote viwili kweli. Kama bei isingekuwa imeandikwa ndani, ningeyaondoa, kwani mtu akifika asiikute atarudi nyuma na kubofya tovuti nyingine.

Kuhusu urefu, Google haijaweka kikomo cha herufi kwa jina la ukurasa. Kinachotokea ni kwamba linakatwa kulingana na upana wa skrini, na kwa kawaida herufi kati ya 50 na 60 huonekana zote. Jina letu lina herufi 53 pamoja na nafasi. Sikulihesabu ili kutimiza kanuni fulani, bali ili neno «oda» lisikatwe njiani.

Jina la kitalu nimeliacha nje ya mstari huu. Google huonesha jina la tovuti katika mstari wake mdogo juu ya jina la ukurasa, hivyo kulirudia kungekula nafasi inayohitajiwa na mambo ambayo mteja anayatafuta. Kwenye ukurasa wa mwanzo nimefanya kinyume na kulitanguliza jina la kitalu, kwa sababu huko ndiko anakofika mtu anayekijua tayari.

Katika pitapita hizo nilikuta pia ndani ya tovuti lebo ndefu ya `keywords` yenye maneno mengi yaliyotenganishwa kwa mikato. Google ilitangaza tangu mwaka 2009 kwamba haiitumii lebo hiyo katika kupanga matokeo. Nimeifuta. Lebo ya `description` ni jambo tofauti: haiupandishi ukurasa, lakini Google inaweza kuitumia kama maelezo mafupi chini ya jina, kwa hiyo nimeandika sentensi mbili zinazotaja bei, kubebeshwa kwa miche na namna ya kuagiza. Mara nyingine Google itaziacha sentensi hizo na kuchukua kipande cha aya kinachofanana zaidi na swali la mtafutaji, na hilo halina ubaya endapo aya zenyewe zimeandikwa vizuri.

Septemba, juma la kwanza. Vichwa vya habari

Nilifungua ukurasa kwenye kompyuta, nikabonyeza `Ctrl+U` ili kuona msimbo wake, kisha nikatafuta `<h1` na `<h2`, lebo za kichwa kikuu na za vichwa vidogo, mojamoja. Nilichokiona ni hali ya kawaida sana kwenye tovuti ndogo: vichwa vya habari vilikuwa vimetumiwa kama njia ya kukuza maandishi. Neno «Karibu» lilikuwa `<h1>`. Kila picha ya zile zinazopita zenyewe juu ya ukurasa ilikuwa na `<h1>` yake. Namba ya simu ilikuwa `<h2>`, na maneno «Ubora ni jadi yetu» yalikuwa `<h2>` pia. Bei, ambayo ndiyo jambo la kwanza ambalo wateja huuliza, haikuwa na kichwa chochote.

Kichwa cha habari ni ahadi ya kile kinachofuata chini yake. Mtu akisoma vichwa peke yake kutoka juu hadi chini anapaswa kupata muhtasari wa ukurasa, na hicho ndicho kipimo nilichokitumia. Vichwa vya zamani vikisomwa kwa mfululizo vilisema: Karibu, Karibu, Karibu, namba ya simu, Ubora ni jadi yetu. Vichwa vipya ni hivi:

```html
<h1>Miche ya parachichi ya Hass iliyobebeshwa</h1>
<h2>Bei ya mche mmoja na namna ya kuagiza</h2>
<h2>Jinsi ya kutambua mche uliobebeshwa</h2>
<h2>Ekari moja inachukua miche mingapi</h2>
<h2>Mche huanza kuzaa baada ya muda gani</h2>
<h2>Tunavyotuma miche kwa basi</h2>
```

Kichwa kikuu na jina la ukurasa vinafanana lakini si nakala moja. Jina linasomwa na mtu ambaye bado yuko kwenye matokeo na anachagua pa kwenda, kwa hiyo linataja Njombe na bei. Kichwa kikuu kinasomwa na mtu aliyekwisha kufika, naye anahitaji tu kuthibitishiwa kwamba amefika panapohusika. Vikitofautiana kabisa, msomaji hupata shaka, na Google nayo inaweza kuliacha jina tuliloliandika na kuonesha kichwa kikuu badala yake.

Jambo moja linatiwa chumvi sana na mafundi wa tovuti, nalo ni kwamba kuwa na `<h1>` zaidi ya moja huushusha ukurasa. Google imesema wazi kwamba utafutaji wake hauna shida na ukurasa wenye `<h1>` kadhaa, wala haudai viwango vya vichwa vifuatane bila kuruka. Nimeviondoa vya ziada kwa sababu nyingine mbili. Ya kwanza ni kwamba «Karibu» halielezi kilichomo. Ya pili ni watu wasioona, ambao programu za kusoma skrini huwawezesha kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Mtu huyo alikuwa anapelekwa kwenye salamu kila aliporuka. Kama ningemwambia mama kwamba kuondoa zile `<h1>` za ziada kutaipandisha tovuti, ningekuwa namdanganya.

Maandishi yaliyokuzwa kwa urembo tu nimeyarudisha kuwa aya za kawaida, na ukubwa wake umewekwa kwenye mpangilio wa mtindo, mahali panapostahili.

Septemba, juma la pili na la tatu. Maandishi yenyewe

Hii ndiyo sehemu iliyochukua muda mwingi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko nyingine zote, ijapokuwa wanaouza huduma za kupandisha tovuti hupenda kuipita haraka.

Tatizo la kwanza lilikuwa bango. Bei, umri wa miche na namba ya simu vyote vilikuwa ndani ya picha moja nzuri ya kijani iliyotengenezwa kwa ajili ya kusambazwa WhatsApp, kisha ikapandishwa kwenye tovuti ilivyo. Kuna jaribio rahisi ambalo mwenye tovuti yeyote anaweza kulifanya: aweke kidole juu ya neno na kulishikilia, aone kama simu inalichagua ili kulinakili. Lisipochagulika, hilo huenda ni sehemu ya picha, na hakuna uhakika kwamba mtambo wa utafutaji utalisoma. Bango halikuwa na maelezo mbadala pia, kwa hiyo kwa Google ukurasa wetu wa parachichi ulikuwa karibu mtupu. Nimelihamishia chini, nikaipunguza picha uzito, nikaweka kwenye `alt`, sehemu ya maelezo mbadala ya picha, maneno machache ya kinachoonekana, na taarifa zote zilizokuwamo nikaziandika kama maandishi ya kawaida.

Hapo tulifika kwenye suala la bei, ambalo mama hakulikubali mara moja.

«Mwanangu, nikiiandika hapo kila mtu ataiona, hata wenzangu wenye vitalu vya jirani.»

«Wenzako wanaijua tayari, mama. Asiyeijua ni mteja aliyeko mbali.»

Alifikiri kidogo, akasema tuiweke lakini tuandike na mwezi ambao ilirekebishwa, ili asije akadaiwa bei ya mwaka jana. Hilo lilikuwa wazo zuri kuliko langu, na limeingia.

Tatizo la pili lilikuwa aya zilizojaa maneno yasiyobeba taarifa. Aya ya kwanza ya ukurasa ilisomeka hivi: «Sisi ni wabobezi katika sekta ya kilimo tukitoa suluhisho za kisasa zenye viwango vya kimataifa kwa wakulima wa ngazi zote, kwa kuwa tunajali mafanikio yako.» Neno parachichi halimo, wala miche, wala Njombe. Aya hiyo ingeweza kubandikwa kwenye tovuti ya muuza trekta bila kubadilishwa hata herufi moja. Badala yake sasa pana hii:

«Tunauza miche ya parachichi aina ya Hass iliyobebeshwa, katika kitalu chetu mkoani Njombe. Bei ya mche mmoja ni shilingi 5,000, na imehakikiwa mwezi Septemba. Unaweza kuja kuchagua mwenyewe au kuagiza kwa simu na kutumiwa kwa basi.»

Kila sentensi inajibu swali ambalo mtu amewahi kuliuliza. Maneno ambayo mtu angeyaandika kwenye simu yamo yote, ingawa hayakusukumwa humo kwa nguvu. Yamekuja yenyewe kwa kuwa hakuna namna nyingine ya kusema kwamba unauza miche ya parachichi.

Sehemu ya miche kwa ekari ilihitaji hesabu, nami nilitaka ioneshwe wazi ili mkulima aweze kuirudia kwa shamba lake. Nafasi ambayo mama huwashauri wateja ni mita 7 kwa mita 7. Mche mmoja basi unachukua mita za mraba 49. Ekari moja ina mita za mraba zinazokaribia 4,047, na ukigawanya kwa 49 unapata 82 na kidogo. Ukurasa unasema: «Ekari moja inachukua miche ipatayo 82 kwa nafasi ya mita 7 kwa 7. Njia za kupita na mteremko wa shamba huipunguza idadi hiyo.» Wateja wengi huandika «heka», kwa hiyo sentensi moja inatumia neno hilo kama linavyotumika mitaani, na kwingineko imebaki «ekari».

Sehemu ya kubebeshwa nimeiandika baada ya kusimama na mama kitaluni akinionesha kwa kidole mahali kikonyo cha Hass kilipounganishwa na shina la chini: pana kovu au kipindo kidogo, na rangi ya gome juu na chini yake hutofautiana. Alisisitiza kwamba wakati wa kupanda kiungo hicho kibaki juu ya udongo. Maelezo hayo yameingia ukurasani pamoja na picha ya karibu, na ninaamini yatakuwa na manufaa kuliko sifa zozote tulizofuta, kwa sababu mnunuzi anayeogopa kuuziwa mche wa mbegu anatafuta hasa kitu hicho. Kuhusu kuzaa, tumeandika kwamba mche uliobebeshwa na kutunzwa vizuri huanza kutoa matunda kuanzia mwaka wa 3 hivi, bila kuahidi kilo.

Ndugu mmoja wa mama alishauri tuongeze chini ya ukurasa orodha ya miji: miche ya parachichi Iringa, miche ya parachichi Mbeya, miche ya parachichi Songea, na kuendelea hadi ziwe safu tatu. Wazo lingine lilikuwa kuyaandika maneno hayo kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe ili wateja wasiyaone. Yote mawili nimeyakataa. Mafungu ya maneno yanayoorodhesha miji ili tovuti ipande yametajwa wazi katika sera za Google kuhusu utapeli wa utafutaji, na maandishi yaliyofichwa yametajwa humohumo. Ukurasa unaweza kushushwa au kuondolewa kabisa. Badala yake sehemu ya usafiri inasema ukweli kwa sentensi moja, kwamba tumewahi kutuma miche kwa basi hadi Iringa, Mbeya na Songea, na inaeleza namna miche inavyofungwa ili udongo usimwagike. Miji imo, na ina sababu ya kuwamo.

Mwisho, hatukuongeza urefu kwa ajili ya urefu. Hakuna idadi ya maneno ambayo Google inaidai. Tuliacha kuandika pale maswali matano yalipokwisha.

Oktoba. Kusubiri, na jina moja lililobadilishwa

Nilipomaliza niliweka anwani ya ukurasa kwenye kisanduku cha ukaguzi ndani ya Search Console na kuomba upitiwe upya. Ombi hilo haliharakishi kwa namna ya kuaminika: Google yenyewe husema kupitiwa kunaweza kuchukua siku chache hadi majuma kadhaa, na kuomba mara nyingi hakubadilishi chochote. Mama alipigiwa simu kipindi hiki na mtu aliyemwahidi nafasi ya kwanza kwa malipo ya kila mwezi. Hakuna anayeweza kuihakikisha nafasi hiyo, na Google inaonya hivyo kwenye maelekezo yake. Alimshukuru na kukata simu.

Ukurasa wa parachichi ulipopitiwa, jina letu lilioneshwa kama tulivyoliandika. Ukurasa wa «Kuhusu sisi», ambao nilikuwa bado sijaugusa, ulikuwa na jina alilolitunga fundi wa awali: «Miche, miche bora, miche ya matunda, miche Njombe». Kwa ukurasa huo Google imeliacha jina hilo na kuonesha kichwa cha habari kilichomo ndani. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kutambua kwamba jina lake halikukubalika: atafute ukurasa wake mwenyewe, alinganishe mstari mkubwa anaouona na kilichomo ndani ya `<title>`. Vikitofautiana, mara nyingi sababu ni kurudiarudia maneno, jina la jumla mno kama «Nyumbani», au jina lisilolingana na kilichomo. Kwa kuwa kichwa kilichochukuliwa kinasomeka vizuri, nimelirekebisha jina la ukurasa huo lifanane nacho.

Novemba. Kusoma matokeo

Ripoti ya utendaji ya Search Console huonesha maneno ambayo watu waliyaandika, mara ukurasa ulipoonekana, mara ulipobofywa, na wastani wa nafasi yake. Kabla ya mradi, maneno yaliyoonekana kwenye ripoti yalikuwa jina la kitalu na namna mbalimbali za kulikosea. Sasa yamo maneno kama «bei ya mche wa parachichi» na «miche ya parachichi heka moja», na ukurasa unaoletwa ni ule tulioufanyia kazi.

Hata hivyo sikutaka kuipa kazi yetu sifa isiyo yake. Mvua katika Nyanda za Juu Kusini huanza karibu na mwezi huu, na watu hutafuta miche zaidi kila mwaka wakati kama huu, tovuti iwe nzuri au mbaya. Ndiyo sababu ukurasa wa makadamia uliachwa bila kuguswa. Nao umeonekana mara nyingi zaidi kuliko Agosti, jambo linalothibitisha kwamba msimu umechangia. Lakini ongezeko lake limetokana karibu lote na watu walioandika jina la kitalu, na hakuna swali jipya lililouleta. Tofauti hiyo ya aina ya maneno ndiyo ninayoiamini kuliko idadi. Ripoti hutunza takwimu za miezi 16, kwa hiyo Novemba ya mwaka ujao itawezekana kulinganisha msimu kwa msimu.

Tahadhari mbili kwa atakayeisoma ripoti hii baada yangu. Wastani wa nafasi unaweza kushuka wakati mambo yanakwenda vizuri, kwa sababu ukurasa unapoanza kuonekana kwa maswali mapya huanzia chini kwa maswali hayo na kuuvuta wastani. Pia maneno yanayoandikwa na watu wachache sana hayaoneshwi, kwa kulinda faragha yao, hivyo jumla ya mibofyo ya maneno yaliyoorodheshwa huwa pungufu ya jumla inayoonekana juu.

Ripoti imetupa pia swali ambalo hatukulifikiria: watu wanafika kwa kuandika «shimo la kupanda parachichi». Ukurasa wetu unagusia kupanda kwa sentensi mbili tu. Mama huwaelekeza wateja kuchimba shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa kina cha 60, wakitenga udongo wa juu ili uchanganywe na samadi iliyooza, na maelezo yake ni marefu kiasi cha kustahili ukurasa wake wenyewe, wenye jina lake na vichwa vyake. Kuyabandika yote ndani ya ukurasa wa bei kungemchelewesha mteja anayetaka kununua.

Kazi zinazofuata

Ukurasa wa kuchimba shimo na kupanda utaandikwa kabla ya mwisho wa Novemba, ukiunganishwa na ukurasa wa bei kwa kiungo chenye maneno «bei ya miche ya Hass», si «bofya hapa». Ukurasa wa makadamia utaachwa ulivyo hadi Januari ili kipimo kikamilike, kisha utapitia hatua hizihizi kuanzia kwenye ujumbe wa wateja. Mama ataihakiki bei kila mwanzo wa mwezi na kunitumia, nami nitaibadilisha ndani ya aya na kwenye lebo ya `description` kwa wakati mmoja, kwa sababu bei ya zamani ikibaki kwenye matokeo ya Google ndiyo ambayo mteja atakuja nayo mlangoni.